Mrejesho: sarafu kwenye sahani inayozunguka

Swali langu lilikuwa: "Sahani inazunguka mara 45 kwa dakika. Nitapataje nusukipenyo kikubwa zaidi ambacho sarafu haitelezi?"

Asanteni sana wakuu. Nimeanza na ushauri wa kupima msuguano kwanza. Niliweka sarafu kwenye sahani ikiwa imezimwa, nikaiinua upande mmoja taratibu. Sarafu ilianza kuteleza mwinuko ulipofika sm 6 kwa kila sm 30 za kitako, kwa hiyo μ = 6/30 = 0.20. Mizunguko 45 kwa dakika ni ω = 4.71 rad/s, na msuguano ndio pekee unaovuta sarafu kuelekea katikati, hivyo:

`r = μg/ω² = 0.20 × 9.81/22.2 = 0.088 m`

Yaani sm 8.8, ikipimwa hadi katikati ya sarafu, siyo ukingo wake.

Sarafu nzito haikusaidia kitu, maana tungamo hujifuta kwenye hesabu. Na bado ilikuwa ikiteleza kwenye sm 8 hivi! Aliyesema nikague usawa wa sahani alipatia: ilikuwa imeinama nyuzi 1. Sarafu ikifika upande wa chini, uzito wake huivuta nje, na μ inabaki kama 0.18 tu. Nilipoisawazisha, ilikaa hadi sm 8.5.

Pengo lililobaki sijaliziba lote. Kuwasha mota ghafla hulizidisha, kwani msuguano hulazimika pia kuisukuma sarafu mbele. Ni bora kuongeza kasi polepole.