Mfadhili karudisha nadharia ya mabadiliko: "Mnajuaje watasubiri bei?"

BintiKongwa:
Habari zenu wakuu. Asasi yetu imeandika andiko la mradi wa mahindi wilayani Kongwa. Tutafundisha wakulima 400 kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kila mmoja apewe miwili bure. Kwenye nadharia ya mabadiliko tuliandika kwamba wakishafundishwa watahifadhi vizuri, watauza bei ikipanda, kipato kitaongezeka. Mfadhili kaweka alama kwenye "watauza bei ikipanda" na kuuliza: "Mnajuaje?" Nimekwama, na zimebaki siku sita.

Mkongwe_wa_Maandiko:
Hapo kagusa penyewe. Mkulima wa kwenu anauza Julai kwa nini? Kama anaogopa dumuzi, mfuko unamsaidia: hewa ikiisha ndani, wadudu wanakufa. Kama anadaiwa pembejeo, atayapeleka soko la Kibaigwa hayohayo mahindi na mfuko atabaki nao mtupu.

BintiKongwa:
Tulikaa na wakulima vijiji viwili. Wengi walisema ni madeni, wachache dumuzi.

Mkongwe_wa_Maandiko:
Basi sehemu kubwa ya jibu haimo kwenye andiko lenu.

Pwagu77:
Ongeza kamati ya uendelevu ya kijiji. Wafadhili wanaipenda sana hiyo.

Mkongwe_wa_Maandiko:
Ni kweli lazima abaki mtu wa kuendeleza, ila kamati haiuzi mifuko. Anayebaki ni mwenye duka la pembejeo, na mkigawa bure hatapata mteja. Mimi ningegawa mmoja wa kujaribia, wa pili wanunue.

MamaShamba:
Samahani, mimi yangu niliyatia kwenye mifuko hiyohiyo yakaota ukungu. Ni feki?

Mkongwe_wa_Maandiko:
Inawezekana hayakukauka, dada. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani. BintiKongwa, hii nayo iingie: kati ya mafunzo na mahindi mazima kuna kukausha, na nyie mmeruka.

Ningeandika hivi: "Wakulima wengi huuza Julai kwa sababu ya madeni, si dumuzi pekee. Kwa hiyo mafunzo ya kukausha na kuhifadhi yataambatana na mikopo ya vikoba wakati wa mavuno, ili mwenye deni alilipe bila kugusa akiba yote. Tunategemea bei ipande baada ya Oktoba. Mwaka wa mavuno mengi huenda isipande." Msiifiche sentensi hiyo ya mwisho. Kisha Septemba mhesabu magunia yaliyobaki ndani. Yakiwa yameisha, mtajua mnyororo umekatikia kwenye fedha, hata kama mafunzo yalihudhuriwa na wote.

Pwagu77:
Kikoba kitatoa wapi hela Julai, wakati kila mwanachama anataka kukopa?

Mkongwe_wa_Maandiko:
Swali zito, na sina jibu kamili. Njia moja ni kikoba kivunjwe Julai, kila mtu apate akiba yake wakati deni linadaiwa.

BintiKongwa:
Vya kwetu huvunjwa Desemba kwa ajili ya sikukuu na ada za Januari. Kesho naenda kuwauliza akina mama wa kikoba kama wanaweza kuhamisha, kabla sijaandika chochote.