Tupeane uzoefu: Maelezo ya bidhaa uliyokopi kwa muuzaji mwingine yalikufikisha wapi?

AsaliSikonge

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini, mizinga yangu 40 iko Sikonge. Miaka yote niliuza kwa ndoo kwa wanunuzi wa jumla. Mwaka jana nikaanza kufunga chupa za nusu lita na kuzitangaza WhatsApp na Instagram.

Sikujua niandike nini. Nikamtafuta muuzaji mwenye wafuasi wengi, nikakopi maelezo yake, nikapesti kwangu: "Asali mbichi, asilia 100%, kutoka misitu ya Tabora. Haijachanganywa na kitu chochote. Ni tiba na lishe. Haigandi. Karibuni sana."

Wiki tatu nikapata ujumbe 11. Karibu wote neno moja: "Bei?" Nikijibu, kimya. Mama mmoja wa Dar ndiye aliyenunua, chupa 6. Mwezi wa nane akanitumia picha. Nusu ya chini ya chupa imekuwa nyeupe, imeshikana kama samli ya baridi. Akaandika: "Uliniambia haigandi. Hii ni sukari."

Asali ilikuwa safi kabisa, niliirina mwenyewe. Lakini nilirudisha hela, kwa sababu neno "haigandi" lilikuwa kwenye tangazo langu, ingawa si mimi niliyelitunga. Naomba tupeane uzoefu. Wewe ulikopi nini, na ulijitoaje?

MamaDagaa_Kibirizi

Pole sana kaka. Mimi nipo Kigoma, nauza dagaa. Huku kila mtu anaandika "Dagaa wa Kigoma watamu, hawana mchanga." Hata anayewaanika chini kwenye mchanga anaandika hivyo hivyo. Mteja ameshalisoma mara mia na mara mia ametafuna mchanga. Halimfikii tena.

Nilivyobadilisha ni hivi. Niliandika kwamba wangu nawaanika juu ya kichanja cha wavu, na mzigo ukinyeshewa siuchanganyi na mzigo wa jua. Halafu nikaongeza: "Ukipokea, chukua konzi moja, tia kwenye bakuli jeupe lenye maji, koroga, subiri kidogo, toa dagaa, uangalie chini." Basi. Sikuandika tena "hawana mchanga." Wateja walianza kunitumia picha za bakuli wenyewe. Mmoja alikuta punje chache akaniuliza, nikamweleza kwamba upepo wa ziwani hurusha mchanga hata kwenye kichanja. Alielewa, na hadi leo ananunua kwangu.

Na kitu kingine ambacho wengi hawaandiki: siku ya mzigo. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa vizuri, uvuvi unapungua. Kwa hiyo naandika mapema lini giza linaanza na lini nitafunga magunia. Muuzaji wa Dar anayenunua kwa mtu wa tatu hawezi kukopi hilo, maana hajui.

Kiwanja_Ujiji

Hili la kuibiana ni baya sana. Mimi nilipiga picha za vyumba vyangu vya kupangisha, kesho yake nikazikuta kwa dalali mwingine na bei yake. Nilimripoti, hakuna kilichofanyika. Mnaweka alama gani juu ya picha?

AsaliSikonge

Pole mkuu. Ila hapa nazungumzia upande wa pili, mimi ndiye niliyekopi.

Kiwanja_Ujiji

Sawa, nimekuelewa. Basi na mimi nimo. Tangazo langu linasema "chumba kizuri, maji na umeme vipo, sehemu tulivu," na madalali wote wa huku wanaandika hayo hayo. Mpangaji akifika swali lake la kwanza ni maji yanatoka siku zipi. Sijawahi kuliandika.

FundiMtandao

Wakuu, tatizo ni rahisi. Google inaadhibu maneno yaliyokopiwa, inakuondoa kabisa. Dawa ni kubadilisha maneno. Penye "asilia" weka "halisi", penye "haijachanganywa" weka "safi isiyo na mchanganyiko". Mimi natumia njia hii kwenye duka la mtandaoni la bidhaa za urembo na ninaonekana.

MzeeWaMizinga

Fundi, kwenye kuonekana una hoja, ila haiko hivyo kamili. Kurasa zikiwa na maandishi yale yale, kwa kawaida Google huchagua mojawapo ya kuonyesha na kuziacha nyingine. Mara nyingi mgeni ndiye anayeachwa. Hiyo si adhabu. Na mwenzetu anauza WhatsApp, Google haimhusu sana.

Kubadilisha "asilia" kuwa "halisi" hakumsaidii mnunuzi. Yeye ana matangazo manane ya asali mbele yake, yote yanadai usafi. Aliyechanganya na sukari guru naye ameandika "asilia 100%", tena kwa herufi kubwa. Neno ambalo mwaminifu na tapeli wanalitumia sawasawa halimwambii mteja amchague nani. Kinachobaki kutofautisha ni bei, ndiyo maana kijana wetu aliulizwa "bei?" peke yake. Mteja hakuwa na kitu kingine cha kuuliza.

AsaliSikonge mwanangu, chukua lile tangazo, kila sentensi uiweke kwenye mdomo wa jirani yako anayeuza asali. Ikiwa bado ni kweli, ifute. "Kutoka misitu ya Tabora": hata yeye. "Ni tiba na lishe": hata yeye, na neno tiba usiliguse kama huwezi kulithibitisha. "Haijachanganywa": atasema hivyo hivyo. "Haigandi": hiyo si kweli hata kwako. Asali safi nyingi huganda, hasa baridi ya Juni na Julai ikipiga. Sukari yake ya asili hujikusanya kuwa chembe, haijaharibika. Umebakiwa na nini?

AsaliSikonge

Shikamoo mzee. Nimebakiwa na "Karibuni sana."

MzeeWaMizinga

Marahaba. Sasa nijibu kama mteja. Umerina lini? Nyuki walikuwa kwenye maua gani? Umeichuja vipi? Umeipasha moto? Chupa ina uzito gani? Ina dosari gani?

AsaliSikonge

Nimerina Juni, nyuki walikuwa kwenye muba. Mizinga ni ya magogo. Masega niliyakata yaliyofunikwa nta tu, nikaacha yanayomwaga. Nilichuja kwa kitambaa cheupe usiku kucha, sikuichemsha. Nimepima chupa ya nusu lita, asali yenyewe ni gramu 700. Dosari ni kwamba ina harufu ya moshi kwa mbali, tulizidisha moshi kwenye mizinga miwili.

MzeeWaMizinga

Hapo umeshaandika tangazo. Hilo la masega yaliyofunikwa nta ndilo kubwa kuliko yote, na hujui. Sega lisilofunikwa lina asali yenye maji mengi. Hiyo ndiyo inayochacha: inatoa povu juu, kifuniko kinavimba, harufu inakuwa ya uchachu. Mteja anaogopa kuganda ambako hakuna madhara, na hajui kuogopa kuchacha. Mweleze tofauti kwa sentensi mbili, atajua unaifahamu asali yako.

AsaliSikonge

Nimeandika hivi, nisahihisheni:

"Asali ya nyuki wakubwa, mvuno wa Juni, Sikonge, maua ya muba. Tumekata masega yaliyofunikwa nta tu, tukachuja kwa kitambaa bila kuchemsha. Rangi ni kahawia, ina harufu ya moshi kwa mbali. Kipindi cha baridi itaganda kuanzia chini. Loweka chupa kwenye maji ya vuguvugu unayoweza kutia mkono, usichemshe. Ukiona povu na harufu ya uchachu nirudishie, hiyo ni kosa langu. Nusu lita, gramu 700. Zimebaki chupa 60."

BiTurubai

Mimi ni mnunuzi tu, nipo Dodoma. Hapo kwenye gramu 700 ningenunua. Nilishauziwa kilo ya asali kwa bei ya lita, nikaona ni sawa tu, kumbe lita moja ya asali ni kama kilo 1 na gramu 400. Sikujua nalinganisha nini na nini.

Ila harufu ya moshi, mwanangu, ungeniambia hivyo nisingenunua. Nisamehe kwa kusema ukweli.

MamaDagaa_Kibirizi

Mimi ningeiacha humo kwenye tangazo. Atakayeipokea bila kuambiwa atasema umeitengeneza jikoni.

FundiMtandao

Ningeitoa moshi kwenye tangazo, nikamwambia mteja akishauliza bei. Tangazo kazi yake ni kumleta.

MzeeWaMizinga

Hapo nami sina jibu moja. Ningeitenga asali ya ile mizinga miwili, niiuze kwa bei ya chini na kuisema, na iliyobaki niandike bila moshi kwa sababu haina. Lakini kama ameshachanganya zote, aandike.

AsaliSikonge

Nilishachanganya. Nimeiacha humo kwenye tangazo.

*(Baada ya wiki tano)*

AsaliSikonge

Narudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi mzee kwa simu. Ujumbe umekuja 9, pungufu ya mwanzo. Lakini "bei?" tupu zilikuwa 2. Wengine waliuliza vitu: kama nina ndogo zaidi, kama moshi unasikika ukitia kwenye chai, basi la Dar linafika saa ngapi. Saba walinunua, jumla chupa 31. Mmoja alinipigia kuniambia imeganda na ameshailoweka, sasa iko sawa. Hakudai chochote.

Mnunuzi wangu wa jumla nilimsomea tangazo lote, akaniuliza ndoo ya lita 20 shilingi ngapi. Kwake halikusaidia kitu. Yeye anaipeleka kuchanganywa na za wengine, asali ya maua ya muba na ya maua ya mtundu kwake ni kitu kimoja.

Kuna jambo linaniumiza. Jana nimekuta akaunti mbili zimekopi tangazo langu neno kwa neno, mpaka "Zimebaki chupa 60." Mmoja yuko Arusha. Nifanyeje?

MzeeWaMizinga

Zako zimebaki ngapi leo?

AsaliSikonge

29.

MzeeWaMizinga

Badilisha iwe 29, upige picha ya chupa hizo zilivyopangwa leo na ile iliyoganda ikiwa mbele. Mvuno wa Novemba utakuwa wa mtundu, rangi na ladha vitakuwa tofauti, utaandika upya kuanzia mwanzo. Wao watabaki na muba wa Juni mpaka Krismasi.

Kiwanja_Ujiji

Nimeandika kwangu: "Maji ya bomba Jumanne na Ijumaa, kuna simtanki la lita 1,000 kwa wapangaji wanne." Mtu wa kwanza aliyepiga simu ameuliza kama wapangaji wengine wana watoto. Hilo nalo niliandike?