Naomba ushauri: biashara ya kufanyia nyumbani, friza au cherehani?

WajaLeo
Habari za humu wakuu. Niko Makorora, Tanga, naishi ukweni na watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Baba yao yuko Maskati kikazi. Ameniruhusu nifanye biashara kwa sharti iwe hapahapa nyumbani na mama yake airidhie. Shule ya msingi iko jirani, kelele za mapumziko tunazisikia hadi jikoni. Nawaza friza, niuze barafu za ukwaju na maji baridi, au cherehani. Mtaji upo kidogo. Kipi kinalipa? Nipo njia panda, hata usingizi sipati.

MzeeWaBaraza
Binti, kinacholipa ni ridhaa ya mumeo. Mengine yanafuata.

MamaVifaranga
Fuga kuku wa nyama shoga. Mimi nilianza na vifaranga mia nyuma ya choo, wiki ya tano nauza. Awamu ya pili mvua ikanyesha, maranda yakalowa, wakafa kama wamelogwa. Harufu ndiyo ilinigombanisha na wifi mpaka leo hatusalimiani. Ila kuku wanalipa.

Chumvini
Kwa hiyo unamshauri agombane na mawifi wake pia 😂

FundiBaridi
Dada, mimi natengeneza friji na friza, nikuulize kabla hujaenda mbali. LUKU hapo ni ya nani? Na ukinunua umeme wa elfu tano mnapata yuniti ngapi?

WajaLeo
Ya mama mkwe, ndiye ananunua. Elfu tano tunapata kama yuniti 40 hivi. Kuna friji ndogo, tivii, feni na taa.

FundiBaridi
Nilijua tu. Hapo mpo kwenye kundi la matumizi madogo, lile la mwisho yuniti 75 kwa mwezi, ndiyo maana elfu moja inawapa yuniti nane na kitu. Kwa vitu ulivyotaja mnatumia labda 60, yaani mama anatoa kama elfu saba na mia tatu. Sasa weka friza ya kifuniko inayofunguliwa na watoto mchana kutwa, ile ikiwa nzima inakula yuniti moja na nusu kwa siku. Mwezi ni 45 nyingine, jumla 105. Mkivuka 75 zinazozidi mnauziwa bei ya juu, na mkiendelea hivyo mnahamishiwa kundi la kawaida, ambako elfu moja inatoa yuniti 2.8 hivi. Zile 105 zinakuwa elfu thelathini na saba na ushee. Mama mkwe haulizi habari za friza, anaona tu umeme wake umeruka kutoka elfu saba. Nimeona nyumba ngapi friza imerudishwa sokoni kwa ugomvi wa LUKU, siyo kwa kukosa wateja.

Kibopa_wa_Mabawa
Fundi unamtisha. Azime usiku, friza ikijaa inatunza baridi mpaka asubuhi. Umeme nusu.

FundiBaridi
Baridi inatunza kweli kama imejaa na mpira ni mzima. Lakini barafu za jioni zinakuwa bado hazijagandia kati, ukizima zinalegea, na ukiwasha asubuhi mashine inavuta mfululizo kufidia. Hiyo nusu huioni. Ninachomshauri afunge mita ndogo ya kwake kwenye waya wa friza, aisome na mama kila Ijumaa, amlipe mkononi.

DadaZai
Hiyo ya mita ndogo nimeipenda. Lakini dada hujasema mtaji ni kiasi gani na umetoka wapi. Friza na cherehani si pesa moja.

WajaLeo
Mtaji si tatizo, naomba mnisaidie kuchagua tu.

DadaZai
Ukisema si tatizo ndipo lilipo.

WajaLeo
Haya. Nimekopa laki tatu, narejesha elfu 35 kila Jumatatu kwa wiki 12. Na friza nimeshaitolea kianzio kwa mtu. Ni imara, imetumika kidogo tu. Mume sijamwambia kuhusu mkopo kwa sababu angekataa, na mimi nimechoka kuomba hela ya pampasi. Msinihukumu, kila mtu hapa mtaani anakopa.

Chumvini
Kausha damu hiyo! Njia panda gani wakati umeshapita kushoto.

MzeeWaBaraza
Ndiyo niliyoyasema. Mke anayekopa kwa siri anajenga nyumba bila msingi.

Kibopa_wa_Mabawa
Angeenda halmashauri, asilimia kumi ya wanawake haina riba.

DadaZai
Asilimia nne ndiyo ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu. Na wanapewa vikundi, siyo mtu mmoja. Hajasema ana kikundi, na hatoki nje ya uwanja.

Dada tupige hesabu bila kugombana. Ndoo ya lita kumi ya ukwaju inatoa barafu kama 80 za mia mia, elfu nane. Sukari kilo, ukwaju na vifuko vinakula kama elfu tano. Unabaki na elfu tatu. Siku ishirini za shule ni elfu sitini. Toa ile elfu thelathini ya umeme uliyoiongeza, unabaki na thelathini kwa mwezi. Rejesho lako la wiki moja tu ni 35. Hapo sijagusa masika wala likizo ya Juni, wakati wateja wako wote wako kwao.

WajaLeo
Nitauza na maji baridi na samaki. Na nikiuza ndoo mbili kwa siku?

DadaZai
Ukiuza mbili inasogea, elfu tisini baada ya umeme. Bado haifiki malipo ya mwezi. Mimi ningeomba kianzio kirudi, ningerejesha mkopo mapema kama wanakubali, nianze na vitumbua. Unaloweka mchele jioni, unasaga, unakoroga na tui na hamira, alfajiri unachoma, unampa mwenye duka auze kwa kamisheni. Hakuna mwanaume anayesimama mlangoni kwenu, na mama mkwe mwenyewe atakaa pembeni ya jiko akukosoe iliki.

WajaLeo
Mama mkwe hataki moshi, ana pumu. Na kianzio mwenye friza amesema hakirudi.

Kachero_TZ
Jamani mnajibu nini? Nimepita nyuzi za zamani za huyu. Mwaka jana aliandika "mke wangu amejifungua, naombeni jina la mtoto". Leo ananyonyesha! Huyu ni dalali anatafutia friza yake soko.

Chumvini
Ameolewa na nani sasa 😂😂 Zai na fundi mmepigishwa hesabu za bure.

WajaLeo
Sio hivyo. Akaunti aliifungua mume wangu, simu aliniachia aliposafiri. Mimi naingilia humohumo.

Kachero_TZ
Hadithi.

DadaZai
Subiri. Nywila anaijua?

WajaLeo
Ndiyo.

DadaZai
Na huko Maskati huwa anaingia humu?

MamaVifaranga
Uwiii.

WajaLeo
Viongozi wa jukwaa naomba uzi huu ufutwe haraka.

FundiBaridi
Kabla haujafutwa: siku ya kwenda kuichukua, bana noti kwenye kifuniko ufunge, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umekwisha, hapo una sababu ya kudai kianzio. Zungusha noti pande zote nne, mpira huanza kuchoka upande wa bawaba.