Majirani wa Majengo: antivoli ya chumba cha watoto

*Mama Neema, 19:12*
Bajirani, habari za mangaribi. Batoto batatu banalala chumba cha nyuma. Dirisha iko na antivoli ya ferabeto, imepigwa sudire yote mu ukuta. Mlango wa kutokea ni mumoja tu, unapitia salo penye makala. Moto ukianzia salo, batapita wapi? Naweza kufungulisha hiyo antivoli bila kuitosha yote?

*Papa Justin, 19:15*
Rahisi, Mama. Kata upande mmoja, weka pomeli mbili na kadena. Funguo ining'inie kwenye msumari karibu na dirisha.

*Fundi Bahati, 19:21*
Papa Justin, pomeli ni sawa. Kadena ndiyo inaharibu. Chumba kikijaa moshi hauoni hata mkono wako. Utapapasa msumari, utapapasa tundu la kadena, halafu funguo inakuponyoka kati ya kitanda na ukuta. Mlango wa antivoli ya kutokea unafungwa na targeti ya ndani, bila funguo yoyote.
Mama, dirisha lina vipimo gani? Vioo vinafungukia ndani ao inje?

*Mama Neema, 19:30*
Upana 1.20, urefu 1.00. Vioo viwili, vinafungukia ndani. Antivoli iko inje, kati yake na kioo kuna sentimita 14.

*Papa Justin, 19:32*
Targeti? Mwizi atavunja kioo na kuivuta.

*Fundi Bahati, 19:41*
Hata kioo hatavunja, maana targeti iko upande wake wa kioo. Anapitisha mkono kati ya vyuma na kuvuta. Kwa hiyo targeti inaingia ndani ya kisanduku cha tole ya mm 2, kimezibwa inje, juu, chini na pembeni, mdomo wake unatazama kioo. Kina cha kisanduku kiwe sentimita 10. Zinabaki 4 hadi kwenye kioo, na mkono unaokunjwa kutoka inje hauna pa kugeukia. Sisi wa ndani tunafungua kioo kwanza, tunaingiza mkono moja kwa moja.
Kuna wanaotumia waya. Kwa hiyo mkono wa targeti unalala ndani ya kijino: unauinua, ndipo unavuta. Waya unavuta tu, hauinui vizuri.

*Dada Aline, 19:44*
Kwangu ni nako, zinafunguka zote. Basi sina shida, eti?

*Fundi Bahati, 19:47*
Unayo, Dada. Nako ikifunguka, kati ya kioo na kioo unapitisha mkono tu. Hata antivoli ikifunguka, lazima uchomoe vioo kimoja kimoja. Nusu moja ya dirisha itolewe nako, iwekwe kioo cha pomeli.

*Dada Aline, 19:48*
Mwenye nyumba hatakubali 😩

*Fundi Bahati, 19:58*
Turudi kwa Mama. Usikate antivoli yote. Kata mbele ya kioo kile kinachofunguka kabisa, uache nafasi safi ya sentimita 50 kwa 80. Waingereza wanadai angalau 45 kila upande na eneo la 0.33 m². Yako inatoa 0.40.
Mlango unafungukia inje, basi pomeli zinaonekana inje. Ziba kichwa cha misumari yake na sudire, na upande huo huo weka vijiti viwili vya mm 12 vinavyoingia kwenye matundu ya kadre mlango ukifungwa. Hata akikata pomeli, mlango hautoki.
Kosa la mafundi wengi: wanapiga sudire yote mara moja, chuma kinajipinda, mlango unakaza. Piga nukta kwanza, fungua na kufunga, kisha malizia. Acha mm 3 kuzunguka.
Targeti iwe chuma laini cha mm 12 ndani ya tibu ya 15. Ferabeto yenye mistari inakwama.

*Papa Justin, 20:02*
Na tuipake rangi vizuri, hapa kwetu kutu ni ya haraka.

*Fundi Bahati, 20:06*
Rangi kwenye mlango ndiyo, kwenye targeti hapana! Rangi ikikauka ndani ya tibu, ni gundi. Weka grisi. Fungua kila mwezi. Ikidai nyundo, imekufa tayari.

*Mama Neema, 20:10*
Chini ya dirisha kutoka sakafu ni 1.35.

*Fundi Bahati, 20:13*
Ni juu kwa watoto. Kipimo kizuri hakipiti 1.10. Weka benchi ya sentimita 30 chini yake, uifunge kwenye ukuta isihamishwe. Na inje toa yale mawe ya volkano, watayaangukia. Ukimaliza, zima taa, mtoto mkubwa ajaribu macho yamefungwa.

*Mama Neema, 20:16*
Mkubwa ana miaka 9. Mdogo ana 4, kuinua na kuvuta hataweza.

*Papa Justin, 20:18*
Basi utoe kijino.

*Fundi Bahati, 20:20*
Ukikitoa, waya wa mwizi unashinda. Hapo mimi sina jibu la moja kwa moja, Mama. Mimi ningelaza mkubwa kitanda cha karibu na dirisha. Kesho saa mbili nakuja na meta.