Slaida ya kamera: mota ikirudi nyuma spidi inageuka, ni draiva imeharibika ama?

picha_roysambu
Niaje wasee, naomba msaada. Nimeunda slaida ya kamera, ile reli kigari kinateleza juu yake polepole ukirekodi video za harusi. Mota ni ile ndogo ya gia ya N20 ya volti 6, draiva ni kabodi ka DRV8833 nilinunua Luthuli, halafu Arduino Nano. Mota inakula betri 4 za AA. IN1 iko kwa D9, IN2 iko kwa D10, nikaona D10 iamue upande na D9 iamue spidi.

Kwenda mbele haina noma, nikiweka 200 inakimbia, 120 inapunguza. Shida ni kurudi nyuma, hapo kila kitu kinageuka, nikiweka 60 inakimbia kama inafukuzwa, 200 inatambaa, 255 inasimama kabisa. Na kitu kinanishangaza zaidi, ile spidi ya kutambaa ndio naitafuta naipata tu ikirudi nyuma na iko laini sana, lakini mbele nikishuka chini ya kama 100 mota inalia tu haisongi, nikipandisha kidogo inaruka ghafla na video inaharibika.

```
digitalWrite(10, LOW);    // mbele
analogWrite(9, kasi);

digitalWrite(10, HIGH);   // nyuma
analogWrite(9, kasi);
```

Draiva imekufa upande mmoja? Nirudishe dukani kabla risiti haijapotea?

waya_mbili
Buda usirudishe kitu, draiva iko poa. Ukirudi nyuma IN2 tayari iko juu, so mota inasukumwa tu ule wakati IN1 iko chini. Yaani namba yako inahesabu wakati wa kutosukuma. Weka `analogWrite(9, 255 - kasi)` kwa ile laini ya nyuma na umemaliza, ni laini moja tu.

picha_roysambu
Mimi ni dada lakini asante 😂 nimejaribu hiyo saa hii na namba za nyuma zimenyooka. Lakini mbele bado inaruka, na sasa 80 ya mbele na 80 ya nyuma si spidi moja hata karibu. Nyuma inatambaa vizuri, mbele haianzi.

kaka_geti
Mimi pia niko na shida kama hii, mota yangu ya waipa ya gari naifungia geti, draiva ni ile kubwa ya BTS7960 iko na RPWM na LPWM, nimeunga zote mbili na umeme wa volti 12 uko lakini mota haisongi mbele wala nyuma. Nadhani Arduino haitoi nguvu ya kutosha. Dada jaribu kuongeza umeme, weka adapta ya 12 hiyo mota itaamka tu.

fundi_wa_chini
Dada tafadhali usiweke 12. DRV8833 mwisho wake kwa umeme wa mota ni volti 10.8, ukipita hapo utakuwa unanunua ingine, na mota yenyewe ni ya 6. Kaka geti nakujia baadaye, yako ni kitu kingine kabisa.

Turudi kwa slaida. waya_mbili amepata nusu. Hesabu yake iko sawa kabisa, angalia ile 60 yako ya nyuma: IN1 inakuwa juu 60 kwa 255, inabaki 195 ya kusukuma, hiyo ni kama asilimia 76 ya volti 6, so mota inaona kama volti 4.6. Ndio maana ilikuwa inakimbia. Mbele 60 ile ile ingekuwa karibu volti 1.4. Hapo tumeelewana.

Lakini swali tamu ni hilo lako la pili, kwa nini nyuma ni laini na mbele inaruka na ni mota ile ile. Jibu liko kwa kile mota inafanya ule muda haisukumwi. Kwa DRV8833, IN1 na IN2 zikiwa chini zote mbili draiva inaachilia waya zote, mota inabaki huru. Zikiwa juu zote mbili, draiva inafunga waya zote mbili za mota chini pamoja, na hiyo ni breki. Sasa soma msimbo wako tena. Ukienda mbele, IN2 iko chini muda wote na IN1 inapanda na kushuka, so mota inasukumwa, inaachiliwa, inasukumwa, inaachiliwa. Ukirudi nyuma IN2 iko juu muda wote, so inasukumwa, inashikwa, inasukumwa, inashikwa. Umetengeneza mashine mbili tofauti bila kupanga.

Ikiachiliwa, umeme uliobaki ndani ya koili unatafuta njia kupitia zile dayodi na kurudi kwa betri, na unakufa haraka sana kabla ya mzunguko unaofuata. Ukiwa na namba ndogo, kila msukumo unaanzia sifuri, nguvu haitoshi kushinda msuguano wa gia na kigari, unasikia inalia tu. Ukipandisha mpaka ikubali kusonga, msuguano wa kuanzia unaisha na hakuna kitu cha kuizuia, inaruka. Ikishikwa, ule umeme unaendelea kuzunguka ndani ya mota, nguvu haikatiki, na mota ikitaka kukimbia kuliko namba yako inajizuia yenyewe. Hapo ndio namba na spidi zinaanza kwenda pamoja.

So tumia PWM kwa pini zote mbili na ufanye pande zote ziwe za kushika:

```
void endesha(int kasi) {        // -255 hadi 255
  kasi = constrain(kasi, -255, 255);
  if (kasi >= 0) {
    analogWrite(9, 255);
    analogWrite(10, 255 - kasi);
  } else {
    analogWrite(9, 255 + kasi);
    analogWrite(10, 255);
  }
}
```

Sifuri inatoa 255 kwa zote, yaani inasimama na breki. Ukitaka isimame ikiwa huru andika 0 kwa zote mbili.

waya_mbili
Sawa mzee hiyo ya breki sikuwa nimeifikiria. Lakini si kushika namna hiyo kunamaliza betri? Na mimi nimezoea kwamba pini zote zikiwa sifuri mota iko huru, hiyo ni kila draiva.

fundi_wa_chini
Betri haimalizwi na breki. Wakati wa kushika umeme unazunguka kwa mota na draiva tu, haupiti kwa betri. Mahali betri inaumia ni ukigeuza upande ghafla, nitafika hapo.

Hiyo ya sifuri si kila draiva. DRV8833 ndiyo, zote chini mota iko huru. BTS7960 hapana, ukiwa umewasha zile pini za kuruhusu halafu RPWM na LPWM ziko chini, pande zote mbili za mota zimefungwa kwa graundi, hiyo tayari ni breki. So kwa BTS ukiweka PWM kwa RPWM na LPWM ukaiacha sifuri, uko kwa hali ya kushika bila kujua. Kwa DRV msimbo ule ule unakupa hali ya kuachilia. Msimbo mmoja, draiva mbili, mota zinajiendesha tofauti. Kila draiva ina kajedwali kwa datashiti, laini 4 tu, hiyo ndio ya kusoma kabla ya kuandika chochote.

Na kaka geti, hapo hapo kwa zile pini za kuruhusu. R_EN na L_EN umeziunga kwa 5V? Umetaja RPWM na LPWM peke yake. Zikiachwa hewani hakuna upande unafanya kazi, hata ukiwa na betri ya lori.

picha_roysambu
Fundi wewe!! Inatambaa pande zote mbili. 30 kwa 255 na inasonga, mbele na nyuma naona karibu spidi moja, nyuma ndio inazidi kidogo tu. Imebaki mambo mawili. Moja, kuna sauti nyembamba ya mota na maikrofoni ya kamera inaichukua. Mbili, nikiruka kutoka 200 kwenda -200 mara nyingine Nano inajiwasha upya, taa inapepesa na kigari kinasimama.

fundi_wa_chini
Sauti ni ile PWM yenyewe. Nano kwa D9 na D10 inapiga kama mara 490 kwa sekunde, na sikio linasikia hiyo vizuri. Weka hii kwa `setup()`:

```
TCCR1B = (TCCR1B & 0b11111000) | 0x01;
```

Inapanda mpaka kama 31,000 kwa sekunde, sikio halifiki huko. Pini 9 na 10 ziko kwa taima ya kwanza so `millis()` haiguswi. Ungekuwa umetumia 5 na 6 ningekukataza, hiyo taima ndio inahesabu saa. Lakini kama unatumia laibrari ya Servo mahali kwa hiyo slaida, hiyo pia inataka taima ya kwanza, zitagombana. Na hii ya frikwensi ya juu ifanye ukiwa na hali ya kushika tu, ungeibandika kwa ule msimbo wa kwanza mbele ingezidi kugoma.

Nano kujiwasha ni kwa sababu mota ikizunguka inatengeneza volti zake. Ikienda kwa kasi inazuia zile za betri, ndio maana inakula umeme kidogo. Ukigeuza ghafla zile volti zake zinajumlika na za betri, kwa muda mfupi mota inavuta umeme kuliko hata ikiwa imekwama. Betri za AA zinashuka, na kama Nano inakula betri hizo hizo inazima. Shuka kwa ngazi: punguza 5 kila milisekunde 10, kutoka 200 mpaka -200 ni ngazi 80, yaani sekunde 0.8. Kwa video hiyo hata inapendeza.

karani_wa_bodi
Ngazi sawa lakini mimi ningetenganisha umeme kabisa, Nano iwe na pawabenki yake, graundi ziungwe pamoja. Na kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na draiva. Ngazi ni kuficha shida.

fundi_wa_chini
Kapasita nakubali, ya volti 10 ama 16. Kuficha shida hapana, hata ukiwa na umeme wa KPLC wote nyuma yako zile gia ndogo za N20 hazipendi kugeuzwa kwa nguvu, meno yanakatika.

karani_wa_bodi
Za chuma hazikatiki haraka hivyo. Nimekuwa nazo kwa roboti ya kufuata laini na inageuza siku nzima.

fundi_wa_chini
Roboti yako haibebi kamera.

picha_roysambu
Sauti imeisha!! Nimeweka ngazi, Nano haijazima tena. Kapasita nitaitafuta kesho nikienda tao. Hiyo ya nyuma kuzidi mbele kidogo inatoka wapi?

fundi_wa_chini
Pima kwanza kwa saa na rula, kigari kikiwa na kamera, reli ikiwa imelala sawa. Reli ikiinama hata kidogo utalaumu mota bure. Ikibaki tofauti hata hapo, mota nyingine hizo brashi zake zinapendelea upande mmoja, weka namba ya kurekebisha kwa upande huo.

kaka_geti
Nimeunga R_EN na L_EN kwa 5V geti limesonga!! Lakini sasa linaenda upande mmoja tu, LPWM nimeiweka pini 13, hiyo ni shida?