Nimekatwa alama zote kwa jibu sahihi: nafasi kati ya mistari ya sodiamu SIYO 2,101 eV

Mwanzauzi

Wakuu, nina hasira na sijui nianzie wapi. Leo tumerudishiwa zoezi la spektroskopia. Swali lilisema mistari miwili ya njano ya sodiamu iko kwenye 589.00 nm na 589.59 nm, tutafute nafasi kati yake kwa cm⁻¹, Hz, eV na kJ/mol. Mimi nimepata 17 cm⁻¹. Ukurasa wangu wote umekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nikaenda kuangalia majibu yaliyobandikwa. Wamechukua 589.59 wakatoa 589.00, ikabaki 0.59 nm. Wakagawanya 10⁷ kwa 0.59, wakapata cm⁻¹ 16,949,153. Wakagawanya kwa 8065.5, ikawa 2,101 eV. Wakazidisha kwa 96.485, ikawa kama kJ/mol 202,700. Vigeuzi vyote ni sahihi, na jibu lote ni takataka.

Fotoni nzima ya mwanga ule wa njano ina 2.1 eV. Nafasi kati ya mistari miwili itaizidije fotoni yenyewe mara elfu moja? Elektroni ya nje ya sodiamu inang'oka kabisa kwenye atomu kwa 5.14 eV tu. Nishati ya 2,101 eV ni ya eksirei! Aliyeandika hayo majibu hakusimama hata dakika moja kuitazama namba aliyoipata.

Mimi niligeuza kila mstari peke yake kwanza. 10⁷ kwa 589.00 ni 16,977.93. 10⁷ kwa 589.59 ni 16,960.94. Ukitoa unabaki na 16.99 cm⁻¹, yaani 0.0021 eV, au 0.203 kJ/mol. Masafa yanatofautiana kwa 5.09 × 10¹¹ Hz. Nimekosea wapi?

Kigeuzi

Mkuu pole, ila tatizo la hayo majibu ni Avogadro. kJ/mol zaidi ya laki mbili maana yake mtu amezidisha kwa 6.022 × 10²³ mahali pasipotakiwa. Hata wewe angalia, 0.203 yako umeigawanya kwa Avogadro?

Mwanzauzi

Sijagusa Avogadro popote, na wao hawajaigusa. Hiyo 96.485 tayari inayo ndani yake. Ukichukua 1 eV kwa fotoni moja, ukaigeuza kuwa juli, ukazidisha kwa Avogadro na kugawanya kwa elfu moja, unapata 96.485 kJ/mol. Nikizidisha tena nitakuwa nimehesabu moli mara mbili.

Kigeuzi

Hapo sawa, nimekubali. Lakini wanaozidisha mara mbili wapo wengi, nimewaona.

Mzee wa Prizimu

Kijana, jibu lako ni sahihi, na hasira yako ina sababu. Nimesahihisha makaratasi ya namna hii miaka mingi, na kosa hili ndilo linalojificha kuliko yote. Namba ya wimbi, masafa, eV na kJ/mol ni ndugu wa damu: ukizidisha moja kwa namba isiyobadilika unapata nyingine. Kwa hiyo tofauti ya cm⁻¹ unaweza kuigeuza moja kwa moja kuwa tofauti ya eV au ya Hz bila wasiwasi. Urefu wa wimbi hauko kwenye ukoo huo. Wenyewe unagawanya, kwa hiyo tofauti ya nanomita haigeuzwi kama nanomita.

Ukitaka njia ya mkato kwa nafasi ndogo kama hii, tumia hii:

```
Δcm⁻¹ = 10⁷ × Δλ / λ²      (λ na Δλ kwa nm)
10⁷ × 0.59 / 589.3² = 16.99
```

Sasa tazama kwa nini kosa lile lilimpita msahihishaji. 0.59 nm inakaribia sana kuwa 589 nm iliyogawanywa kwa elfu moja. Kwa hiyo ukigeuza 0.59 kimakosa, tarakimu zinazotokea, 16949 na 2.101, zinafanana na zile za mstari wenyewe, 16978 na 2.105. Jicho likaona namba lililozizoea, likapita. Kilichokosewa ni kipeo tu, na kipeo hakisomwi na mtu mwenye haraka.

Leza ya kijani

Uzi huu umenigusa. Mimi niko kwenye Raman, leza 532 nm. Kilele changu kiko kwenye 1000 cm⁻¹. Nikagawanya 10⁷ kwa 1000 nikapata 10,000 nm, nikaenda kuuliza kama kigunduzi chetu kinaona huko mbali. Nilipoteza wiki nzima! Ina maana na mimi niligeuza tofauti?

Mzee wa Prizimu

Ndiyo, dada, ni kosa lilelile. Hiyo 1000 ni umbali kutoka kwenye leza. Leza yako ni 18,797 cm⁻¹. Toa 1000, ubaki na 17,797, ndipo ugeuze: 561.9 nm. Kilele kipo nanomita 30 tu kutoka kwenye leza. Na usikariri hiyo 30. Kwa leza ya 785 nm, 1000 cm⁻¹ ileile inakupeleka 851.9 nm, karibu nanomita 67.

Leza ya kijani

Asante sana. Kumbe ndiyo maana spektra za leza mbili hazilingani zikichorwa kwa nm.

Juli moja moja

Mimi nimefanya swali la mwanzauzi kwa E = hc × namba ya wimbi, c ikiwa 3 × 10⁸. Kwa kuwa sentimita ni ndogo kuliko mita, nikagawanya 16.99 kwa 100. Nimepata 3.4 × 10⁻²⁶ J. Haikubaliani na 0.0021 eV.

Mwanzauzi

Umegawanya palipotakiwa kuzidisha. Kama sentimita moja ina mawimbi 17, mita nzima ina 1,700. Weka 1699 m⁻¹ utapata 3.4 × 10⁻²² J. Ulikuwa umepungukiwa mara elfu kumi.

Wakuu, nimerudi na habari. Nimempelekea mwalimu. Amekubali kwamba majibu yaliyobandikwa ni mabovu, lakini anasema jibu la kwenye jedwali ni 17.2, kwa hiyo 17.0 yangu anaipa nusu ya alama! Mwenzangu aliyepitia eV akaandika 2.10 toa 2.10, akapata sifuri, naye kapewa nusu hiyohiyo.

Mzee wa Prizimu

Huyo wa sifuri alikata tarakimu mapema mno. Alitakiwa abebe 2.10499 na 2.10289, ndipo atoe. Wewe hukukosea. Jedwali linasema 17.2 kwa sababu mistari yenyewe ni 588.995 na 589.592, nafasi ya 0.597 nm. Swali lilikata hadi 0.59, na kwa 0.59 hupati zaidi ya 17.0.

Kigeuzi

Si ni kwa sababu ya hewa? Hizo ni nanomita za hewani, na cm⁻¹ za jedwali ni za ombwe.

Mzee wa Prizimu

Hewa inasogeza kila mstari kwa karibu 4.7 cm⁻¹, kwa hiyo 16,978 ya kijana kwenye jedwali ni 16,973. Lakini inaisogeza yote miwili pamoja. Kwenye nafasi kati yake haifiki hata 0.01.

Kigeuzi

Basi kama ni hivyo swali lilitakiwa liseme ni hewani au ombweni. Mtu akikatwa alama kwa 16,978 mimi nitamtetea.

Mwanzauzi

Narudi kwa mwalimu kesho, na hiyo 0.597 nimeiandika juu kabisa ya karatasi.