Tupeane uzoefu: maswali ya "i na iii pekee" na kupima kila kauli kivyake

Mkufunzi wa Jioni

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninawafundisha baiolojia watahiniwa wa kujitegemea, na kuna aina moja ya swali la kuchagua ambayo huwaangusha hata wale wanaoijua mada vizuri. Ni lile lenye kauli tatu au nne zilizopewa namba za Kirumi, kisha chini yake herufi zinazoziunganisha kauli hizo. Nimeliweka hapa kwa Kiswahili swali tulilolifanya darasani:

Zipi kati ya kauli zifuatazo kuhusu mishipa ya damu ni za kweli?

i. Ateri zote husafirisha damu yenye oksijeni nyingi.
ii. Vena zina vali.
iii. Ukuta wa kapilari una unene wa seli moja.
iv. Shinikizo la damu ni kubwa katika vena kuliko katika ateri.

A. i na ii pekee
B. ii na iii pekee
C. i, ii na iii pekee
D. i, iii na iv pekee
E. i, ii, iii na iv

Jibu ni B, kwa sababu ateri ya mapafu hutoa moyoni damu yenye oksijeni kidogo na kuipeleka kwenye mapafu. Wengi, hata hivyo, walichagua A. Nilipomwuliza mmoja wao alifikaje hapo, alieleza kwamba alianza na herufi A, akarudi kuzisoma kauli i na ii, akaziona zimekaa sawa, akaweka alama na kwenda swali linalofuata. Kauli iii hakuisoma kabisa, ingawa nilipomwuliza kwa mdomo aliijibu bila kusita. Kwa hiyo hata kwa imani yake mwenyewe kwamba i ni ya kweli, jibu lililomfaa lilikuwa C, wala si A. Neno "pekee" lilimtaka athibitishe kwamba i na ii ni za kweli, na pia kwamba iii na iv si za kweli. Yeye alifanya nusu ya kwanza ya kazi hiyo.

Tangu hapo ninawataka wazifunike herufi kwa karatasi, wasome kila kauli kana kwamba ni swali la kweli au si kweli linalojitegemea, na waandike pembeni yake K, S au alama ya kuuliza. Herufi hufunuliwa baada ya hapo. Wenzangu mnafanyaje?

Mtoto wa Bandarini

Mkuu, utaratibu huo ni mzuri, ila unakula muda. Mimi nilifundishwa kuhesabu: kauli inayojitokeza mara nyingi zaidi kwenye herufi huwa ndiyo ya kweli, kwa kuwa mtungaji huizungushia majibu ya uongo. Tena kauli yenye neno "zote" au "daima" unaifuta hapo hapo. Kauli i ina "zote", nayo kweli imeanguka.

Mwalimu Mtungaji

Ndugu yangu, tuihesabu basi. Kauli i imo katika A, C, D na E. Ii imo katika A, B, C na E. Iii imo katika B, C, D na E. Iv imo mara mbili tu. Kwa kuhesabu utachagua C, na utakosa. Mtungaji aliye makini huirudia kwa makusudi kauli ya uongo inayovutia, kwa sababu ndiyo inayomtofautisha anayejua na anayekisia. Kuhusu neno "zote", ni sawa kulitilia shaka, lakini si kulifuta. "Ateri zote hupeleka damu kutoka moyoni" ina neno hilo hilo na ni ya kweli.

Hata hivyo una hoja katika suala la muda. Anayejua kwa hakika kwamba i si ya kweli ameshaziondoa A, C, D na E kwa pigo moja, na angeweza kuandika B bila kugusa nyingine. Mimi bado humtaka mwanafunzi azisome zilizobaki, kwa kuwa njia hiyo inaegemeza swali zima kwenye kauli moja, na kauli hiyo ikimponyoka hana kingine cha kumrudisha.

Binti wa Wodini

Ninasomea uuguzi, na mimi nakwama kwenye ii. Vena za mapafu hazina vali, na vena kava ya juu haina. Kwa hiyo nimeandika S kwenye i, S kwenye ii, K kwenye iii na S kwenye iv. Nikafunua herufi, sikuona "iii pekee" popote. Je, swali ni bovu?

Mkufunzi wa Jioni

Dada, hapo ndipo kuandika K na S kunapolipa. Mpangilio wako ulipokosa herufi, ulipata taarifa kwamba kauli moja umeipima tofauti na mtungaji. Usizivuruge zote nne. Rudi kwenye ile uliyokuwa na shaka nayo zaidi, uibadilishe, uone kama herufi inapatikana. Ukiibadilisha ii, unapata B. Kauli hiyo haisemi "vena zote". Inaeleza tabia ya vena ukizilinganisha na ateri, na hivyo ndivyo somo la sekondari linavyofundishwa. Tahadhari ni kwamba mpangilio usio sahihi mara nyingi hupata herufi yake, kama A na C hapo juu, na hapo hutapata onyo lolote.

Binti wa Wodini

Nimekuelewa, lakini sijaridhika. Kama "zote" inaiangusha i, kwa nini kutokuwepo kwake kuiokoe ii? Kwetu chuoni kauli kama hiyo ingebishaniwa.

Mwalimu Mtungaji

Na ingestahili kubishaniwa. Mimi ningeandika "vena nyingi za miguuni zina vali", na ubishi ungeishia hapo.

Fundi Saa

Kwangu mimi shida ni yale ya kuoanisha orodha A na orodha B. Ukikosea moja, unakosea mbili.

Daktari Mstaafu

Hayo ya kuoanisha yana mada yake, kijana. Sisi tulikutana na mtindo mkali zaidi, uliotumika zamani hata katika mitihani ya madaktari ya Marekani. Herufi hazikubadilika kwa kila swali: A ilikuwa 1, 2 na 3, B ilikuwa 1 na 3, C ilikuwa 2 na 4, D ilikuwa 4 peke yake, E ilikuwa zote. Tazameni: 1 na 3 huwa pamoja daima, kwa hiyo ukijua 1 si ya kweli, 3 nayo imeanguka na 4 lazima iwe ya kweli, hata kama hujaisoma. Mtu aliweza kupata alama kwa kuisoma fomula ya herufi badala ya tiba. Bodi ya huko iliachana na mtindo huo baadaye.

Mtoto wa Bandarini

Kwa hiyo, mzee, kuzisoma herufi nako ni maarifa!

Daktari Mstaafu

Ni maarifa ya mtihani, nami niliyatumia bila aibu. Ila niliyatumia mwishoni, kwenye kauli niliyokuwa nimeiwekea alama ya kuuliza.

Mama Tuisheni

Naongeza jambo moja. Swali likisema "zipi SI za kweli", watoto wangu hupima vizuri kabisa, kisha huchagua herufi ya zile walizoziandikia K. Huwa nawaambia wasibadilishe upimaji wao. Wazungushie duara neno "SI" kabla ya kuanza, halafu mwishoni watafute herufi inayobeba S zote. Je, kuna mwenye njia nyingine? Hii yangu husaidia wakubwa, ila wadogo wa darasa la sita bado huchanganya.